Gunia 600 zimeingia, 600 zimetoka, tani moja haipo: kadi ya rundo inasemaje?

Tuseme wewe ni mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika kule Songea. Mwezi wa saba ghala lenu lilipokea magunia 600 ya mahindi, yakapimwa kwenye mizani, jumla kilo 60,000 kamili ukitoa uzito wa magunia yenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mnunuzi kaja na malori, magunia yote 600 yakahesabiwa mbele ya macho ya watu, yakapimwa tena. Jumla: kilo 58,795. Zimepungua kilo 1,205. Hiyo ni zaidi ya magunia kumi na mawili, na macho yote yanamgeukia mtunza ghala.

Je, kaiba? Wengi tungejibu haraka haraka, na mara nyingi mtunza ghala wa watu hukatwa mshahara kabla hata hajamaliza kujieleza. Lakini swali hili linajibika kwa hesabu ya darasa la saba, kwa sharti moja tu: kwamba siku mzigo unaingia, kuna mtu aliandika mambo manne. Magunia mangapi, kilo ngapi, unyevu kiasi gani, na yamewekwa wapi. Hilo la nne ndilo linalosahaulika zaidi, kwa hiyo tuanze nalo.

Kila rundo lina anwani

Ukiingia kwenye ghala lililopangwa vizuri utaona sakafu imechorwa mistari ya rangi, kama uwanja wa mpira mdogo mdogo. Kila mstatili ni nafasi ya rundo moja. Safu zinapewa herufi na nafasi zinapewa namba, kwa hiyo B3 ni safu ya pili kutoka ukutani, nafasi ya tatu kutoka mlangoni. Kati ya rundo na rundo, na kati ya rundo na ukuta, inaachwa njia ya kama mita moja. Njia hiyo si ya urembo. Ni ya kupita mkaguzi na tochi yake, ya kufagia, na ya kushusha turubai hadi chini siku ya kufukiza dawa. Magunia hayagusi sakafu, yanakaa juu ya chaga za mbao, maana saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini.

Sasa angalia jinsi rundo letu la B3 lilivyojengwa. Kila tabaka lina magunia 40, na tabaka la juu linapangwa kwa kukatisha lile la chini, kama fundi anavyokatisha matofali, ili rundo lishikamane lisije likamwagikia mtu. Matabaka 15 mara 40 ni 600. Kwa hiyo mkaguzi akisimama chini anaweza kuhesabu matabaka kwa kidole na kupata jumla bila kugusa gunia hata moja. Sharti lake ni kwamba kila tabaka lijazwe kabla ya kuanza jingine, na akitoka pale chini apande pia juu kuangalia. Kuna ujanja wa zamani wa kujenga rundo lenye tumbo tupu: pembeni limesimama vizuri, katikati pana shimo la magunia kadhaa ambayo hayajawahi kuwepo, na tabaka la mwisho linafunika aibu.

Kadi inaning'inizwa kwenye rundo lenyewe, nakala inabaki ofisini kwenye leja. Kadi ya B3 siku ilipofungwa ilisomeka hivi:

8 Julai: magunia 240, kilo 24,050, unyevu 13.3, tabaka la 1 hadi la 6.
10 Julai: magunia 200, kilo 19,980, unyevu 13.5, tabaka la 7 hadi la 11.
11 Julai: magunia 160, kilo 15,970, unyevu 13.4, tabaka la 12 hadi la 15.
Rundo limefungwa 11 Julai. Magunia 600, kilo 60,000.

(Ghala hili na namba zake nimezitunga ili tupate kitu cha kuhesabia, ila mpangilio wa kadi ndio huo unaoukuta kwenye maghala yanayojiheshimu.)

Umeona kitu kwenye matabaka? Mzigo wa tarehe 8 uko chini kabisa, na siku ya kutoa utatoka wa mwisho. Ule msemo wa maghalani kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza hauwezekani ndani ya rundo moja, labda ulivunje lote. Unawezekana tu kati ya rundo na rundo: B3 lilifungwa kabla ya B4, basi B3 linaanza kutoka. Ndiyo maana rundo likishafungwa haliongezwi hata gunia moja. Ukianza kuchomeka magunia mapya juu ya rundo la zamani, kadi inakuwa na tarehe nyingi, unyevu wa aina aina, na ukweli wa rundo hilo unapotea siku hiyo hiyo.

Unyevu unapatikanaje?

Asilimia 13.3 maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mahindi hayo, kilo 13.3 ni maji na kilo 86.7 ni kitu kikavu: wanga, protini, mafuta, kumbi. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Namba hiyo ina sababu. Mahindi yakiwa na unyevu huo, hewa iliyonaswa kati ya punje na punje inakaa kwenye unyevunyevu wa karibu asilimia 70 katika joto la kawaida la kwetu, na hapo kuvu wengi wa ghalani wanashindwa kuota. Ukizidi, wanaamka, na baadhi yao hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki, na mahindi yaliyotiliwa shaka yalikuwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa hayajakauka vizuri.

Lori linapofika, sampuli zinachukuliwa kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha na mfereji, unaochomwa kwenye gunia punje zikateleza hadi mkononi. Huchomi gunia zote. Kanuni inayotumika sana ni hii: magunia yasiyozidi kumi, choma yote, hadi mia, choma kumi, yakizidi mia, choma idadi inayokaribia kipeuo cha pili cha jumla. Kwa magunia 240 ya tarehe 8 Julai hiyo ni magunia 16. Na yachaguliwe kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa upakuaji, si yale 16 ya kwanza mlangoni mwa lori. Msafirishaji mjanja anajua mahindi makavu ayapange wapi.

Punje za magunia yote 16 zinachanganywa, zinagawanywa, kisha zinapimwa kwenye kipima unyevu mara tatu na kuchukua wastani. Kipimo cha mkononi hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima jinsi nafaka inavyoitikia umeme, halafu kinatafsiri. Kwa hiyo ukikisahau kwenye mpangilio wa mtama kitakupa jibu la mtama, na punje zilizotoka juani zikiwa na moto zitakupa jibu tofauti na zile zile zikishapoa. Vipimo vya aina hii vinaweza kupishana na jibu la oveni ya maabara kwa nusu asilimia hivi, hata vikiwa vizima. Shika hiyo nusu mkononi, tutaihitaji baadaye.

Kupata unyevu wa rundo zima, usijumlishe tu 13.3 na 13.5 na 13.4 ukagawa kwa tatu. Kila namba ipewe uzito wa kilo zake. Kwa B3 majibu yanakaribiana mno kiasi kwamba njia zote mbili zinatoa 13.4, lakini siku utakapokuwa na lori la kilo 24,000 na kirikuu cha kilo 900 utaona tofauti.

Miezi mitatu ya kupumua

Mahindi hayakai ghalani kama mawe. Yanabadilishana maji na hewa inayoyazunguka hadi pande mbili ziridhiane. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 70 huyavuta mahindi kuelekea asilimia 13.5 au 14. Hewa ya asilimia 60 huyashusha hadi kwenye 12 hivi. Kanda ya Songea kati ya Julai na Oktoba ni kiangazi, hewa ni kavu, kwa hiyo mahindi yaliyoingia na 13.4 yana kila sababu ya kupoteza maji. Polepole, lakini yatapoteza. Na maji yakiondoka, kilo zinaondoka nayo.

Hapa ndipo kadi inapohitaji safu ya vipimo vya kila mwezi, na hapa pia ndipo pana mtego. Rundo likishajengwa, bambo linafika kwenye magunia ya nje tu: kuta nne na juu. Magunia ya katikati hayafikiki. Na ya nje ndiyo yanayokauka kwanza, kama mkate unavyoshika ganda. Kwa hiyo mtunza ghala akiandika tarehe 30 Septemba "B3, unyevu 11.3", anachosema kweli ni kwamba ganda la B3 lina 11.3. Kipimo hicho kina kazi yake nzuri sana, tutaiona, lakini si cha kufungia hesabu. Cha kufungia hesabu ni kile kinachochukuliwa siku ya kutoa, rundo linapobomolewa na magunia ya tumboni yanapitia mlangoni na kuchomwa bambo kama yalivyochomwa yakiingia.

Kadi ikionyesha pia alipochoma, mambo yanakuwa mepesi zaidi: "upande wa kusini, tabaka la 9". Maneno machache tu.

Siku ya kutoa

Tarehe 28 Oktoba B3 limebomolewa. Magunia 600, kilo 58,795, unyevu wa sampuli za mlangoni asilimia 11.9. Sasa tuhesabu.

Watu wengi hufanya hivi: 13.4 toa 11.9 ni 1.5, asilimia 1.5 ya kilo 60,000 ni kilo 900, kwa hiyo maji yamechukua 900 na mtunza ghala anadaiwa 305. Inaonekana safi. Si sahihi, na kosa lake linamwangukia mtu.

Tatizo ni kwamba 13.4 ni asilimia ya uzito wa mwanzo na 11.9 ni asilimia ya uzito wa mwisho. Ni asilimia za vitu viwili tofauti, huwezi kuzitoa hivyo. Kitu ambacho hakijabadilika, kama hakuna mdudu wala mwizi, ni kile kikavu. Basi tufuate kikavu. Mahindi yaliyoingia yalikuwa na asilimia 86.6 ya kitu kikavu, yaani kilo 51,960. Siku ya kutoka, kilo hizo hizo 51,960 zinatakiwa kuwa asilimia 88.1 ya uzito wote. Gawanya 51,960 kwa 0.881 unapata kilo 58,978.

Kwa kifupi, W ikiwa uzito na M ikiwa unyevu, 1 kuingia na 2 kutoka:

```
W2 = W1 × (100 − M1) / (100 − M2)
```

Kwa hiyo maji pekee yameondoka na kilo 1,022. Kumbuka ile hesabu ya haraka ilisema 900. Tofauti ni kilo 122, zaidi ya gunia zima, ambayo mtu angelipishwa kwa sababu tu bodi haikujua kugawanya.

Tulitarajia 58,978 na tumepata 58,795. Zimebaki kilo 183 zisizo na maelezo. Tunarudi kwenye kadi: mfagio wa chini ya chaga umeandikwa kilo 46, mchanganyiko wa punje zilizomwagika na unga wa wadudu. Vizuri, mtu aliufagia, akaupima, akauandika. Zinabaki 137.

Sasa toa ile nusu uliyoishika mkononi. Kwa rundo la ukubwa huu, kila sehemu moja ya kumi ya asilimia ya unyevu ni karibu kilo 67. Kama kipima unyevu kilisoma 11.9 na ukweli ni 11.7, uzito uliotarajiwa unashuka hadi kilo 58,845, na kati ya zile 137 zinabaki nne. Kosa la sehemu mbili za kumi ni dogo kwa chombo cha mkononi. Kwa hiyo jibu la kweli kuhusu kilo 137 ni kwamba vipimo vyenu havina nguvu ya kumtuhumu mtu kwa kiasi hicho. Hii haimaanishi hajaiba. Inamaanisha kadi hii haiwezi kusema ameiba, na yeyote anayesema ameiba anaongea kutoka kwingine.

Ukitumia badala yake kile kipimo cha ganda, 11.3, unapata uzito uliotarajiwa wa kilo 58,579. Mizani inasema 58,795. Ghala limezalisha kilo 216 za mahindi kutoka hewani! Ukiona ziada ya namna hiyo baada ya kiangazi, usifurahi, angalia sampuli ilitoka wapi. Mtu aliyechukua kilo mia mbili angeweza kujificha vizuri kabisa nyuma ya kipimo cha ganda.

Na kama magunia yangetoka 597? Hapo hadithi ni nyingine. Maji hayabebi gunia. Yanapunguza kila gunia kidogo kidogo: kwenye B3 ni wastani wa kilo 1.7 kwa gunia. Magunia matatu pungufu hayawezi kuelezwa na hali ya hewa, isipokuwa kama kadi inaonyesha magunia yaliyochanika yakajazwa upya na kuunganishwa. Ndiyo maana kadi inaandika idadi na kilo pamoja. Idadi inamkamata anayebeba gunia zima, kilo zinamkamata anayechota kutoka kila gunia. Na anayechota hahitaji hata kufungua mshono, bambo lile lile la sampuli linamtosha.

Wastani wa ghala zima ni pazia

Utasikia mtu akisema: mbona tunahangaika na rundo moja moja, si tuandike jumla ya ghala tu? Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilipitia leja za namna hiyo, kurasa safi, mwandiko mzuri, na mwisho wa mwezi mstari mmoja: "unyevu wa ghala 12.6". Sikuweza kufanya nazo lolote.

Chukua ghala lenye marundo manane. Saba yana unyevu wa kati ya 12.2 na 12.5, na moja, D1, lina 14.6. Wastani ni 12.6 au karibu yake, salama kabisa kwenye karatasi. Wakati huo huo D1 linaoza.

Lakini ukiwa na kadi ya kila rundo, kile kipimo cha ganda cha kila mwezi ndipo kinapofanya kazi yake. Huhitaji kuamini namba yenyewe, unaangalia mwelekeo. Kiangazi, marundo yote yanashuka. D1 lilikuwa 13.1 Julai, 13.0 Agosti, 13.7 Septemba, 14.6 Oktoba. Linapanda wenzake wakishuka. Hewa ni ile ile, kwa hiyo maji yanatoka mahali pengine, na mahali pa kutafuta si pengi.

La kwanza ni anwani. D1 liko wapi? Kama ni nafasi ya kona, angalia bati na bomba la mferejini juu yake, angalia ukuta kwa nje kama kuna dimbwi, angalia kama chaga zimevunjika gunia zikalala kwenye saruji. Kama magunia yenye unyevu mkubwa ni ya upande mmoja na tabaka la chini tu, ni sakafu au ukuta. Kama ni ya juu, ni paa.

La pili ni wadudu. Wadudu wakila wanga wanapumua, na kupumua kunatoa maji na joto, kama wewe unavyopumulia kioo kikapata ukungu. Chomeka mkono kati ya magunia, au kipimajoto kirefu kama unacho. Rundo lenye joto kuliko majirani wakati hakuna tone la maji lililovuja lina wageni. Dumuzi wa Scania utamjua kwa unga mweupe unaomiminika chini ya chaga, fukusi anaacha mashimo ya mviringo kwenye punje. Hapa kumbuka pia kwamba ile hesabu yetu ya kitu kikavu inavunjika, kwa sababu kikavu chenyewe kinaliwa. Rundo lililoshambuliwa litapungua kilo zaidi ya maji yanavyoeleza, na unga uliofagiwa na kupimwa ndio ushahidi wa mtunza ghala. Asipoupima, amejinyima shahidi.

La tatu ni asili ya mzigo. Tabaka la 7 hadi la 11 lililetwa na nani, lori gani, tarehe gani? Inawezekana siku hiyo kipima unyevu kilikuwa kwenye mpangilio mbaya, na magunia 200 yakaingia na 15 yakiandikwa 13.5. Basi mzigo mwingine wa lori hilo hilo uko wapi? Kadi inakuambia: C2, tabaka la 1 hadi la 3. Unaenda moja kwa moja, na pengine unaokoa C2 kabla hata halijaanza kunuka. Bila anwani ungebomoa ghala zima.

Hesabu iliyolingana mno

Nimalizie na upande wa pili wa hesabu hii, ambao huwa haumshtui mtu na ungepaswa kumshtua.

Mahindi makavu ya Dodoma yamefika kwenye ghala la Dar es Salaam mwezi wa pili: magunia 400, kilo 40,000, unyevu 11.5. Yamekaa kipindi chote cha masika, hewa nzito ya pwani, na mwezi wa tano yanatoka yakiwa na unyevu wa 13.0. Magunia 400, kilo 40,000 juu ya alama. Kilichoingia ndicho kilichotoka, mkaguzi anagonga muhuri, watu wanakunywa soda.

Fuata kikavu tena. Asilimia 88.5 ya kilo 40,000 ni kilo 35,400. Kwa unyevu wa 13.0, kikavu hicho kinatakiwa kuwa asilimia 87 ya uzito wote, yaani kilo 40,690. Mahindi yalikunywa maji ya kilo 690 kutoka hewani, na kilo 690 za kitu kingine zimeondoka. Hiyo ni sawa na kosa la unyevu la asilimia moja na nusu nzima, mara tatu ya ile nusu tunayokisamehe kipima unyevu, kwa hiyo hapa chombo hakiwezi kubebeshwa lawama peke yake. Kama kuna unga wa wadudu uliofagiwa na kuandikwa, usomwe. Kama mizani ya kuingilia na ya kutokea si moja, zipimwe kwa jiwe lile lile. Kama hakuna hata kimoja, mhuri ule umegongwa mapema.

Na hapa ndipo utakapomwonea huruma yule mtunza ghala wa Songea. Yeye alipungukiwa kilo 1,205 na akaitwa mbele ya bodi. Mwenzake wa pwani hakupungukiwa hata kilo moja, na hakuna aliyemuuliza kadi ya rundo iko wapi.